"Ameacha Mwenyewe": Barua ya Kujiuzulu Inavyomwokoa Bosi

Makamanda, kuna sentensi moja ambayo mwajiri mjanja anaipenda kuliko zote: "Sisi hatujamfukuza, ameacha mwenyewe." Ukiisikia pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ujue nusu ya kesi imeshaelemea upande wake. Mtu aliyefukuzwa kazi Tanzania ana ngao: mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Mtu aliyeacha mwenyewe hana ngao hiyo. Ndiyo maana bosi akitaka uondoke na hana sababu ya kukufukuza, hakufukuzi. Anakubana mpaka uandike barua kwa mkono wako mwenyewe.

Sheria inalijua jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 36, inapoeleza maana ya kuachishwa kazi inaweka humo pia hali ya mfanyakazi kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 7, zinaifafanua: mwajiri akisababisha hali hiyo, mfanyakazi akajiuzulu, kisheria mwajiri ndiye aliyevunja ajira. Huko ndiko kujiuzulu kwa kulazimishwa. Ukithibitisha, unasimama pale anaposimama aliyefukuzwa bila haki, na tume inaweza kuagiza urudishwe kazini au ulipwe fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara wako.

Neno zito hapo ni "ukithibitisha". Wengi wetu tunajua haki ipo, ila hatujui kwamba ushahidi wake unatengenezwa wiki na miezi kabla ya kuondoka, na kwamba karatasi inayoua kesi nyingi ni ileile barua ya kujiuzulu. Hilo ndilo nataka niliseme leo, na nitalisema kwa kisa cha jirani yangu hapa Maji ya Chai. Ameniruhusu nikieleze, mradi nisimtaje yeye wala loji aliyofanyia kazi.

Dada huyu alikuwa mapokezi kwenye loji moja ya upande wa kuelekea geti la Ngurdoto. Alifanya hapo miaka 3 na kitu, kwa mkataba wa maandishi, mshahara 450,000 kwa mwezi. Mwezi wa pili mwaka huu akaja meneja mpya. Aprili akaambiwa kwa mdomo ahamie kufua mashuka, eti mvua zimeanza na wageni ni wachache. Mei mshahara ukaingia 300,000. Hakuna karatasi, hakuna kikao. Julai alimwandikia meneja WhatsApp kuuliza hela yake, akajibiwa: "Vumilia, kama huwezi mlango uko wazi." Septemba akatukanwa mbele ya wageni na wenzake kwamba anajifanya msomi. Oktoba jina lake likaondolewa kwenye ratiba siku 6, na siku hizo hakulipwa. Tarehe 3 Novemba akaandika barua.

Barua yenyewe nimeishika mkononi. Inasema hivi: "Naomba kuacha kazi kuanzia leo kwa sababu zangu binafsi. Nashukuru kwa ushirikiano wenu kipindi chote nilichokuwa hapo."

Nilipomuuliza kwa nini aliandika vile, akanijibu, "Mdogo wangu, ningeandika nini? Nilitaka niondoke kwa heshima. Na barua ya utumishi nitaihitaji kesho."

Namwelewa kabisa. Sisi tumelelewa kuaga vizuri, hata nyumba uliyonyimwa chakula unaitakia baraka ukiondoka. Lakini mwamuzi wa tume hakuwepo kule kwenye mashuka. Anachoona ni karatasi yenye sahihi yako inayosema sababu ni zako binafsi, na shukrani juu yake. Wakili wa loji hatahitaji kuhangaika sana. Atakupa hiyo barua uisome kwa sauti, kisha atakuuliza, "Hii sahihi ni ya nani?"

Sasa tuone mwamuzi anapima nini, kwa sababu ukijua anachotafuta utajua nini cha kutunza. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, katika kesi ya Katavi Resort iliweka maswali matano ambayo yanatumika mpaka leo. Mzizi wake uko Afrika Kusini, ambako sheria inafanana sana na yetu katika eneo hili. Mahakama inauliza: je, mfanyakazi kweli alikusudia kumaliza ajira? Je, hali ilikuwa haivumiliki kwa macho ya mtu wa kawaida, au ni yeye tu aliyeona hivyo? Je, mwajiri ndiye aliyeisababisha? Je, hali ingeendelea kwa muda ambao ungemfanya mtu mwenye akili zake aamue kuondoka? Na mwisho, je, kuacha kazi ndiyo njia pekee ya maana iliyobaki?

Mahakama ya Rufani nayo ililigusa jambo hili katika kesi ya Kobil Tanzania, rufaa ya madai Na. 134 ya 2017. Msimamo wake kwa lugha nyepesi ni kwamba mfanyakazi lazima aonyeshe hakuondoka kwa hiari, kwamba mwajiri ndiye aliyesababisha, na kwamba mwenendo wa mwajiri unaangaliwa kwa ujumla wake, sio tukio moja moja. Hilo la mwisho ni zuri kwetu. Mabosi wa aina hii huwa hawafanyi jambo moja kubwa. Wanafanya madogo saba. Ukiyatazama moja moja kila moja lina maelezo yake. Ukiyapanga kwa tarehe unaona mkono unaosukuma.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya na dada huyu ni kuchukua daftari na kupanga tarehe. Aprili kuhamishwa, Mei kukatwa, Julai kuuliza na kujibiwa "mlango uko wazi", Septemba matusi, Oktoba ratiba, Novemba barua. Kisha tukapita kwenye yale maswali matano tukiwa na mstari huo mbele yetu.

Swali la kwanza halina taabu, barua ipo, alikusudia kuondoka. Watu wengine wanaanguka hapo hapo: anagombana na bosi, anaacha kwenda kazini wiki 2, halafu anadai amelazimishwa kujiuzulu. Hapo mwajiri atasema ni utoro, na kwenye karatasi ni utoro kweli. Kama unaondoka, ondoka kwa maandishi.

Swali la pili na la tatu ndipo nguvu yake ilipo. Kukatwa 150,000 kwenye 450,000 ni theluthi nzima ya mshahara. Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri anapobadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na ampe taarifa ya mabadiliko kwa maandishi. Hapa hakuna ushauriano wala taarifa. Na huu ni ushahidi usiohitaji shahidi wa kuogopa, kwa sababu mkataba unasema 450,000 na taarifa ya benki inasema 300,000. Namba mbili tu. Nilimwambia hata kama mengine yote yangekosa ushahidi, hili linasimama lenyewe.

Loji itajibu nini? Itasema biashara ilikuwa mbaya, mvua za masika, kila mtu alibanwa. Utetezi huu usiudharau, kwa sababu hasara ya kweli ya biashara siyo ukatili, na mahakama haitamhukumu mwajiri kwa kukosa wageni. Lakini sisi wa huku tunaijua kalenda ya utalii. Aprili na Mei ni kweli kumelala. Kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Oktoba magari ya wageni yanapishana barabara ya Ngurdoto. Kama sababu ilikuwa mvua, kwa nini Agosti loji imejaa na mshahara bado 300,000? Na kama kila mtu alibanwa, waonyeshe mishahara ya wenzake. Swali hilo likiulizwa vizuri, ule utetezi wa mvua unakauka.

Swali la nne, je hali ingeendelea, nalo linajibiwa na ujumbe wa Julai. "Vumilia, kama huwezi mlango uko wazi" siyo maneno ya mtu anayepanga kurekebisha. Dada alikuwa ameshataka kuufuta ule ujumbe kwa hasira. Jamani, msifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, ila uzito wake unategemea uhakika wa jinsi ulivyotunzwa. Maana yake simu yenyewe ibaki na mazungumzo yote, sio skrinishoti moja iliyokatwa juu isiyoonyesha namba wala tarehe. Ukibadilisha simu bila kuhifadhi mazungumzo umetupa shahidi wako.

Swali la tano ndilo linalowaangusha wengi, na hapa nina ugomvi kidogo na jinsi linavyotumika.

Kanuni ya 7 inataja sababu mbili zinazoweza kuhalalisha kujiuzulu kwa namna hii. Ya kwanza ni unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake. Ya pili ni mfanyakazi kutendewa isivyo haki, lakini ikiwa tu alitumia kwanza njia zilizopo za kutatua malalamiko, isipokuwa kama ana sababu za msingi za kutozitumia. Kwa hiyo ukifika tume utaulizwa: ulilalamika kwa nani? Lini? Iko wapi nakala? Na kama hukulalamika, ni rahisi mwamuzi kusema ungeweza kulalamika, ungeweza kusubiri, kuacha kazi hakukuwa njia pekee.

Kwenye kampuni kubwa yenye ofisi ya utumishi na fomu za malalamiko, sawa, sharti hilo lina mantiki. Lakini nenda kwenye loji zetu za Maji ya Chai, nenda mashamba ya maua ya Usa River, nenda duka la jumla pale stendi. Anayepokea malalamiko ni meneja. Anayelalamikiwa ni meneja. Mmiliki yuko nje ya nchi au ni shemeji yake. Njia gani hiyo iliyopo? Kwa maoni yangu, pale ambapo mlango wa malalamiko unafunguliwa na mtu yuleyule anayekunyanyasa, hiyo peke yake ni sababu ya msingi ya kutoutumia, na waamuzi wanapaswa waseme hivyo bila kumumunya maneno. Kanuni yenyewe imewaachia nafasi hiyo. Ni suala la kuitumia.

Lakini mpaka waamuzi wote wakubaliane nami, wewe usicheze kamari. Lalamika kwa maandishi hata kama unajua hutajibiwa. Barua ya nusu ukurasa, tarehe juu, eleza nini kimebadilika na unaomba nini, nakala moja igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea. Akikataa kusaini, itume pia kwa WhatsApp au barua pepe, uandike "nimeileta leo saa 4 asubuhi ofisini umekataa kupokea". Kukataa kwake sasa nako ni ushahidi. Kama una chama cha wafanyakazi, kwa mfano CHODAWU kwa watu wa mahoteli na kazi za majumbani, au TPAWU kwa watu wa mashambani, peleka nakala kwao. Wana faida nyingine: kwenye tume unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chako, sio lazima wakili.

Jirani yangu yeye hana barua ya malalamiko. Ana ule ujumbe mmoja wa Julai tu. Nasi tunaushikilia kama malalamiko: aliuliza kuhusu mshahara wake, kwa mtu mwenye mamlaka, kwa maandishi, akaonyeshwa mlango. Sio malalamiko mazuri, lakini ni malalamiko.

Kuna tatizo lingine linaloninyima usingizi kwenye kesi yake kuliko lile la barua: alikaa. Mshahara ulikatwa Mei, akaondoka Novemba. Wakili atasema, miezi 6 umepokea 300,000, maana yake ulikubali, sasa isiyovumilika iko wapi? Umevumilia nusu mwaka. Ukikaa sana unaonekana umekubali. Ukiondoka haraka unaonekana hukujaribu njia nyingine. Mfanyakazi anatembea juu ya kamba hapo. Jibu letu ni lile la Mahakama ya Rufani, tuangalie mwenendo kwa ujumla. Hakuondoka kwa sababu ya Mei peke yake. Aliondoka baada ya Oktoba, alipotolewa kwenye ratiba bila malipo, na hilo ndilo lililokuwa la mwisho juu ya yale yaliyotangulia. Kati ya tukio la mwisho na barua zilipita wiki chache tu. Ndiyo maana kwenye maelezo yake hatuanzi na Mei. Tunaanza na Oktoba, halafu tunarudi nyuma.

Na hapa niseme jambo ambalo halisemwi sana. Angekuja Mei au Juni, nisingemshauri aache kazi hata kidogo. Kukatwa mshahara ni mgogoro unaoweza kupelekwa CMA ukiwa bado kazini, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Hakuna mzigo wa kuthibitisha ulilazimishwa kuondoka, kwa sababu hujaondoka. Unadai 150,000 zako na masharti yako ya mkataba, basi. Ni kweli bosi anaweza kukasirika akakufukuza, ila akikufukuza umerudi kwenye ngao: yeye ndiye wa kuthibitisha. Kujiuzulu kwa kulazimishwa ni njia ngumu kuliko zote, na mtu asiifikie kabla ya kujaribu nyepesi.

Ukishafika huko, barua inatakiwa iseme ukweli. Haihitaji kiingereza wala maneno ya kisheria. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza yetu. Ya dada huyu ingeweza kuwa hivi: "Naacha kazi kuanzia leo kwa sababu Aprili nilihamishwa kufua bila makubaliano, kuanzia Mei mshahara wangu umepunguzwa kutoka 450,000 hadi 300,000 bila maandishi, Julai niliuliza nikaambiwa mlango uko wazi, na Oktoba nimeondolewa kwenye ratiba siku 6 bila malipo. Sioni namna ya kuendelea. Sikuondoka kwa hiari yangu." Sentensi tatu. Hakuna tusi hata moja, heshima yake yote imebaki. Na kuhusu ile barua ya utumishi aliyoiogopea, cheti cha utumishi ni haki ya mfanyakazi ajira inapoisha, siyo zawadi ya kuaga vizuri.

Je, barua ya "sababu binafsi" imemaliza kesi? Hapana, imeifanya ngumu. Mwamuzi haruhusiwi kuishia kwenye maneno ya barua, anaangalia mazingira yake. Tumefanya mawili. Tarehe 15 Novemba aliandika barua ya pili kwa mwajiri, akaeleza sababu halisi na kwa nini ya kwanza ilikuwa fupi. Uzito wake ni mdogo, kwa sababu wakili atasema imetungwa baada ya kupata ushauri, na hatakuwa amekosea sana. Lakini inaonyesha alisema mapema, kabla ya kufika tume. La pili, atajiandaa kuulizwa swali hilo na kulijibu kwa ukweli uleule alionijibu mimi: alihitaji barua ya utumishi na aliogopa. Mwamuzi ni mtu, anaelewa mtu kuogopa. Asichokielewa ni mtu kubadilisha hadithi.

Tatizo la mashahidi bado lipo. Matusi ya Septemba yaliwakuta wenzake wawili wa jikoni. Wote wanamwonea huruma, wote bado wanafanya kazi pale. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mdogo wangu, mimi nina watoto." Sikumbishia. Tume ina uwezo wa kumwita shahidi kwa hati, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, lakini shahidi aliyeburutwa akifika na kusema "sikumbuki" anakuumiza kuliko asiyekuja. Kwa hiyo tumeamua Septemba ibaki kwa maneno ya dada mwenyewe, na uzito tuuweke kwenye benki, mkataba, ujumbe na ratiba. Ratiba ya Oktoba ilibandikwa jikoni na aliipiga picha. Picha ile moja ina thamani kuliko mashahidi watatu wenye woga.

Siku nazo. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, na huu wa kulazimishwa kujiuzulu unahesabiwa humo humo, sio kwenye zile 60. Barua ni ya tarehe 3 Novemba, hivyo mwisho ni tarehe 3 Desemba. Unajaza Fomu Namba 1 ya tume, na kwa sababu ni kuachishwa kazi unajaza na sehemu B, ile ambayo watu wengi wanaiacha wazi wakidhani haiwahusu kwa kuwa "waliacha wenyewe". Inawahusu. Nakala anapelekewa mwajiri, na uthibitisho wa kumpelekea unautunza. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa sijui sheria" haipokelewi. Kuna mipaka miwili zaidi: kama hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo haki haikufikii, na kama ni mtumishi wa umma, sheria iliyorekebishwa 2016 inataka umalize kwanza njia za utumishi wa umma kabla ya kugusa tume.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi. Hapo loji inaweza kutoa mishahara ya miezi 2 yaishe, na wengi hukubali kwa sababu kodi ya nyumba inadai. Simlaumu mtu. Ikishindikana inakwenda kwa mwamuzi, na hapo utaratibu unageuka: kwenye kesi ya kufukuzwa anayeanza kutoa ushahidi ni mwajiri, kwenye hii anayeanza ni wewe, kwa sababu kwanza unatakiwa uthibitishe kwamba kulikuwa na kuachishwa. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki 6 kuomba Mahakama Kuu iupitie.

Sisi Tanzania angalau tuna maneno haya kwenye sheria iliyoandikwa. Kenya Sheria yao ya Ajira ya 2007 haiitaji dhana hii waziwazi, ikabidi Mahakama yao ya Rufani mwaka 2015, katika kesi ya Coca Cola East and Central Africa, iichimbue kutoka kwenye sheria ya mikataba ya Kiingereza. Sisi tumeandikiwa, tukawekewa na sharti la kulalamika kwanza ambalo loji ndogo inaligeuza kuwa ukuta. Vijana wetu wanaoandaa hoja za sera ya kazi walichukue hili: mwajiri asiye na utaratibu wa malalamiko wa maandishi, uliobandikwa na wenye mtu zaidi ya meneja wa kupokea, asiruhusiwe kutumia utetezi wa "hakulalamika". Sentensi moja tu ya nyongeza kwenye kanuni ya 7. Na kabla hamjanipigia makofi, ofisi za vyama vya siasa nazo ni waajiri, zina makatibu muhtasi, madereva na walinzi. Kanuni haiulizi kadi.

Leo ni tarehe 24. Fomu imejazwa mpaka sehemu B, ujumbe wa Julai tumeuchapisha na simu ameifunga kwenye kabati ya mama yake, taarifa ya benki ya Machi hadi Oktoba anaifuata kesho asubuhi Usa River. Jumatano tunapanda hiace kwenda CMA Arusha. Zimebaki siku 9.